Mahindi Bado Yapo Januari: Kuisuka Upya Ripoti ya Mfadhili

Soma kwanza aya hii.

"Katika kipindi cha utekelezaji, mradi ulifanikiwa kutoa mafunzo ya uhifadhi bora wa mahindi kwa wakulima 240 (wanawake 152, wanaume 88) katika vijiji 6. Aidha, mifuko 480 isiyopitisha hewa iligawiwa, mikutano 12 ya uhamasishaji ilifanyika, vipeperushi 1,000 vilisambazwa na ziara 4 za ufuatiliaji zilifanywa kwa kushirikiana na maofisa ugani wa kata. Kwa ujumla mafunzo yalipokelewa vizuri na uelewa wa wakulima umeongezeka."

Aya hiyo nimeitunga, na shirika lililoiandika ni la mfano, pamoja na namba zake zote utakazozikuta katika sura hii. Lakini yeyote aliyewahi kukaa meza moja na shirika dogo siku tatu kabla ripoti haijatumwa ataitambua mara moja. Haina uongo hata mmoja. Kila namba ina karatasi yake ndani ya faili. Hata hivyo, ukimaliza kuisoma hujui kama kuna mkulima hata mmoja aliyeweka punje ya mahindi ndani ya mifuko hiyo.

Tuseme shirika letu lina watu watano na ofisi ya vyumba viwili katika Wilaya ya Kongwa, Dodoma. Huko mvua ni za msimu mmoja, na mahindi huvunwa kuanzia Mei hadi Julai. Wakati wa mavuno bei huwa chini kwa sababu kila mtu anauza, na ikifika Januari kaya nyingi zinanunua chakula kilekile kwa bei ya juu. Kati ya miezi hiyo kuna dumuzi, yule mdudu ambaye wakulima wa Tanzania wamezoea kumwita Skania. Aliingia kutoka Amerika na kuonekana Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980, na anaweza kuyageuza mahindi ya ghalani kuwa unga mtupu ndani ya miezi michache. Kuna pia sumukuvu, sumu ya ukungu isiyoonekana kwa macho. Mwaka 2016 watu walifariki katika mikoa ya Dodoma na Manyara kwa kula mahindi yenye sumu hiyo.

Mifuko iliyogawiwa ni ile yenye tabaka tatu, mbili za plastiki ndani na moja ya kiroba nje, ambayo wengi huijua kama mifuko ya kinga njaa. Teknolojia yake, inayoitwa PICS, ilianzia kwenye kunde huko Kameruni mwishoni mwa miaka ya 1980 kupitia watafiti wa Chuo Kikuu cha Purdue. Ukiujaza mfuko na kuufunga vizuri, wadudu waliomo ndani hutumia hewa iliyopo mpaka oksijeni ikapungua mno, wakaacha kula na kuzaana, kisha wakafa. Hakuna dawa inayotiwa. Ndiyo maana shirika liliuchagua, na ndiyo maana mfadhili alitoa fedha: ili Januari iwakute wakulima bado wana mahindi, tena mahindi mazuri.

Sasa rudi kwenye ile aya uitafute Januari. Haimo.

Nani anafanya nini katika sentensi

Kazi yangu ya kwanza ninapoletewa ripoti ya namna hii ni kuichapisha kwenye karatasi na kuzungushia duara neno linalotenda katika kila sentensi. Hapa ninapata mradi, mifuko, mikutano, vipeperushi, ziara, mafunzo. Mkulima anaonekana mara moja kama mtu wa kupewa, na mara ya pili kama mwenye uelewa ulioongezeka. Hakuna mahali anapofanya jambo kwa mkono wake.

Hilo ndilo jaribio ninaloliamini kuliko fasili zote za vitabuni kuhusu tofauti ya shughuli na matokeo. Sentensi ambayo mtendaji wake ni shirika, au kitu kilichonunuliwa na shirika, inaeleza shughuli. Sentensi ambayo mtendaji wake ni mtu asiyelipwa na shirika, naye anafanya jambo ambalo hakulifanya zamani, iko karibu sana na matokeo. "Mifuko 480 iligawiwa" ni shughuli. "Wakulima wamejaza mifuko" ni mwanzo wa matokeo. "Mama huyu bado anasaga mahindi yake mwenyewe Januari" ndiyo sababu mradi ulianzishwa.

Neno "uelewa" lina hatari ya pekee. Linakaa mahali ambapo matokeo yangepaswa kukaa, na mwandishi anaridhika kwamba pengo limezibwa. Lakini kama hakuna jaribio lililofanywa kabla ya mafunzo na jingine baada yake, hakuna anayejua uelewa uliongezeka kiasi gani. Na hata kama uliongezeka, mkulima anaweza kuelewa vizuri sana namna ya kufunga mfuko na bado akauza magunia yote Julai. Ninalikata neno hilo kila ninapolikuta, kisha namuuliza mwandishi: baada ya kuelewa, walifanya nini?

Si uvivu unaoleta ripoti za orodha. Fedha za mradi zinafuatwa kwa stakabadhi, na stakabadhi hufuata shughuli: ukumbi, posho, nauli, chai. Mhasibu anataka orodha ya mahudhurio yenye saini, kwa hiyo orodha hiyo hutunzwa kuliko kitu kingine chochote. Mpango kazi umeandikwa kwa shughuli na miezi. Kisha Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali ya mwaka 2002 inalitaka kila shirika liwasilishe taarifa ya shughuli zake za mwaka, na shirika dogo lisilo na mwandishi wa ripoti huchukua taarifa hiyohiyo, likabadilisha jalada na kumpelekea mfadhili. Ni wasomaji wawili tofauti. Msajili anataka kujua shirika lipo na linafanya yale liliyosajiliwa kuyafanya. Ofisa miradi wa mfadhili yuko katika hali nyingine kabisa: ana ripoti nyingi mezani, na kutoka kwenye yako atatakiwa kuandika aya moja au mbili kwa bodi yake akieleza kama fedha ile ilileta tofauti. Usipompa sentensi ya kubeba, ataandika "mafunzo yalifanyika kwa wakulima 240," kwa kuwa ndiyo uliyompa.

Kwenye daftari la ofisa wa mradi

Mara nyingi matokeo yamo ofisini tayari, ila hayamo kwenye ripoti, kwa kuwa anayeandika ripoti ni mkurugenzi na anayeyajua ni ofisa anayekwenda vijijini. Kwa hiyo kabla ya kugusa maandishi, mkurugenzi akae na ofisa huyo saa mbili, akiwa na neno moja la kuuliza.

"Mafunzo yalifanyika Aprili. Halafu?"

"Halafu wakavuna, dada. Mwezi wa sita."

"Halafu mifuko ikaenda wapi?"

"Wengi walijaza. Wengine nilikuta wameikunja juu ya kabati. Kuna mzee mmoja alitia alizeti."

"Waliojaza walifungua lini?"

"Hapo ndipo pana mambo. Wapo waliofungua mwezi wa tisa. Lakini pia wapo waliokwenda kununua mingine dukani, kwa hela yao."

Tazama kilichotokea ndani ya dakika moja. Yamepatikana matumizi, kutotumia, kufungua mapema na ununuzi wa hiari. Hayo manne ndiyo mifupa ya ripoti nzima, na hakuna hata moja lililokuwa kwenye ile aya. "Ziara 4 za ufuatiliaji zilifanywa," tuliandika, na tukayaacha nje yote yaliyoonekana katika ziara hizo.

Kumbukumbu ya ofisa haitoshi kuwa ushahidi, kwa sababu mtu hukumbuka waliomfurahisha na waliomuudhi. Lakini inatuonyesha mahali pa kuhesabu. Shirika letu lilikuwa na bahati, au tuseme lilikuwa na ofisa makini: ziara ya nne ilifanyika Januari na ikafanywa kwa mpangilio. Walichukua orodha ya mahudhurio yenye majina 240, wakaandika namba 1 hadi 4 kwenye vikaratasi, wakaokota kimoja ili kupata jina la kuanzia, kisha wakachagua kila jina la nne. Wakapata kaya 60, wastani wa 10 kwa kijiji. Watu wawili kwa bodaboda, kijiji kimoja kwa siku, siku sita. Kazi hiyo iko ndani ya uwezo wa shirika la watu watano.

Walipofika kwenye kaya hawakuuliza kama mifuko imesaidia. Mtu aliyepewa mifuko miwili bure atasema imesaidia, kwa adabu tu. Waliomba kuonyeshwa. Mfuko uko wapi? Umejaa, umepungua au ni mtupu? Plastiki ya ndani ina matundu? Ukichota punje kutoka chini kuna unga wa dumuzi? Kuna harufu ya ukungu? Kisha swali moja la kumbukumbu: kama umefunguliwa, ulifunguliwa mwezi gani na kwa nini. Majibu yaliandikwa kwenye daftari la mistari, kila kaya mstari wake.

Kaya 53 zilikutwa. Saba hazikukutwa, na nitarudi kwazo. Kati ya 53, kaya 42 zilijaza mahindi kwenye mifuko na 11 hazikujaza. Kati ya zile 42, 30 zilikuwa bado na mahindi Januari, na 12 zilikwisha kufungua na kumaliza kabla ya Desemba. Kaya nne zilikuta ukungu. Tisa zilikuwa zimenunua mifuko ya ziada kwenye duka la pembejeo.

Kuandika sentensi yenyewe

Hapa ndipo wengi huharibu. Wakiona namba 30 kati ya 42 hukimbilia kuandika kwamba mradi umeboresha usalama wa chakula kwa asilimia 71. Namba peke yake haisemi kama jambo limebadilika. Huenda hata zamani kaya 30 kati ya hizo zilikuwa zikifika Januari na akiba. Tunahitaji kujua walikuwa wapi kabla, na hilo shirika lilikuwa nalo kwa sababu Aprili, siku ya kwanza ya mafunzo, kila aliyesaini aliulizwa mahindi yake ya msimu uliopita yaliisha mwezi gani. Kwa kaya zilezile 53, ni 16 tu zilizokuwa zimefika Januari ya mwaka uliotangulia zikiwa na akiba. Sasa ni 33.

Lakini msomaji makini atauliza jambo la pili: je, mvua? Kama msimu huu ulikuwa mzuri, kila mtu angefika mbali zaidi, mfuko au bila mfuko. Njia moja ya kulitazama swali hilo bila gharama ni kuzigawa kaya hizo 53 katika makundi mawili. Waliotumia mifuko walitoka kaya 14 hadi kaya 30. Wasioitumia walitoka 2 hadi 3. Tofauti hiyo inaelekeza kwenye mifuko, ingawa haithibitishi. Wasioitumia ni 11 tu, na huenda hawakujaza kwa sababu hawakuvuna cha kujaza. Ripoti inapaswa kusema hivyohivyo, kwa sentensi moja, palepale penye namba, isisogezwe mwishoni kwenye maandishi madogo.

Ikaandikwa hivi:

"Januari, wakati kaya nyingi za vijiji hivi huwa zimeanza kununua chakula, kaya 33 kati ya 53 tulizozikuta zilikuwa bado zinakula mahindi yao wenyewe. Januari ya mwaka uliotangulia zilikuwa 16. Mabadiliko makubwa yako kwa kaya 42 zilizotumia mifuko, ambako idadi ilipanda kutoka 14 hadi 30. Kwa kaya 11 ambazo hazikuitumia ilitoka 2 hadi 3. Mvua za msimu huu zilikuwa bora kuliko za msimu uliopita, kwa hiyo hatusemi kwamba mifuko peke yake ndiyo iliyoleta tofauti hii. Kaya 9 zimenunua mifuko ya ziada kwa fedha zao. Tulizichagua kaya kwa kuchukua kila jina la nne katika orodha ya mafunzo, na mahindi tuliyaona kwa macho. Kaya 7 hatukuzikuta."

Aya mpya ni ndefu kuliko ya kwanza, lakini kila sehemu ina kazi. Inasema nani, nini kimebadilika, wangapi kati ya wangapi, lini, kulinganisha na nini, na tumejuaje. Sentensi ya kaya 9 ni fupi lakini mimi ndiyo ningeipigania kuliko zote. Mtu anayetoa fedha yake mfukoni kununua kitu alichokuwa amepewa bure ametoa hukumu yake kuhusu kitu hicho, na hukumu hiyo haina adabu ya kumfurahisha mgeni. Ofisa anaweza kuithibitisha kwa kwenda kwa mwenye duka na kumwomba amwonyeshe daftari lake la mauzo.

Kuhusu asilimia, mimi huziruhusu pale tu zinapoandamana na hesabu yenyewe, na kwa makundi madogo nazifuta kabisa. Ukiandika kwamba wasiotumia mifuko waliongezeka kwa asilimia 50, umesema kweli ya kihesabu kuhusu kaya moja. Vilevile usizidishe. Kuchukua sehemu iliyopatikana katika kaya 53 na kuandika kwamba "wakulima 190 wanatumia mifuko" ni kudai umewaona watu ambao hukuwaona. "Takribani wanne kati ya watano wa wale tuliowakuta" inatosha, na mfadhili anayejua kazi yake ataiheshimu zaidi.

Sasa zile saba. Kishawishi ni kuzinyamazia, kana kwamba sampuli ilikuwa 53 tangu mwanzo. Lakini fikiria ni nani hukosekana nyumbani Kongwa mwezi Januari. Wengine wako shamba la mbali, ni kweli. Wengine wamekwenda kufanya kibarua kwenye mashamba ya watu kwa sababu chakula kimeisha. Kama ni hao, basi kutowakuta kunafanya matokeo yetu yaonekane mazuri kuliko yalivyo. Sentensi yenye maneno matatu, "Kaya 7 hatukuzikuta," inamwachia msomaji nafasi ya kulipima hilo mwenyewe.

Fundisho lililo na uamuzi ndani yake

Ripoti ya kwanza ilikuwa na kipengele cha changamoto na mafunzo yaliyopatikana. Kilisema: "Baadhi ya wakulima walifungua mifuko mapema na wengine hawakukausha mahindi vizuri kutokana na uelewa mdogo. Tumejifunza kwamba ushirikishwaji wa jamii ni muhimu. Tunapendekeza elimu zaidi itolewe."

Fundisho la namna hiyo lingeweza kuandikwa kabla mradi haujaanza, na hilo ndilo linaloniambia si fundisho. Likiwa fundisho la kweli litakuwa na tulichodhani, kilichotokea, sababu tunayoiona, na jambo ambalo tumeamua kulifanya tofauti pamoja na gharama yake. Kikikosekana hicho cha mwisho, bado ni uchunguzi tu, na si vibaya kuuita hivyo.

Tuanze na ukungu, kwa sababu hapo pana hatari ya afya. Mfuko usiopitisha hewa haukaushi mahindi. Unyevu ulioingia nao unabaki nao. Mahindi yanayowekwa humo yanatakiwa yawe na unyevu usiozidi asilimia 13 na nusu hivi. Zaidi ya hapo ukungu unaweza kupata nafasi. Zaidi ya hilo, mahindi yaliyokwisha kupata sumukuvu shambani au uwanjani hayawi salama kwa kutiwa ndani ya mfuko mzuri. Mafunzo ya Aprili yalisema wazi: kausheni vizuri. Wakulima wote walisikia. Lakini kaya zote nne zilizokuta ukungu zilijaza mifuko mwanzoni mwa Juni, na kila moja ilidhani imekausha vizuri, kwa sababu ilipima kwa kuuma punje na kusikiliza mlio.

Tatizo basi halikuwa uelewa. Hawakuwa na njia ya kupima. Kuna njia ya chumvi ambayo haina gharama: unachukua chupa ya kioo iliyokauka, unatia mahindi mpaka theluthi, unaongeza chumvi kavu, unafunga, unatikisa kwa dakika chache, unaiacha itulie robo saa. Chumvi ikishika kwenye kuta za chupa, mahindi yana unyevu wa zaidi ya asilimia 15 hivi. Ila jaribio hilo lina mpaka wake, na ripoti nzuri itausema: linakuambia mahindi ni mabichi, halikuambii yamefika asilimia 13 na nusu. Chupa ikionyesha chumvi haijashika, bado pana pengo. Kwa hiyo uamuzi wa shirika ukawa na sehemu mbili. Nusu siku ya mafunzo imehamishwa kutoka Aprili ukumbini kwenda Juni uwanjani, penye mahindi yanayoanikwa, kila mkulima akiwa na chupa yake. Na kipima unyevu kimoja kitanunuliwa kikae kwa ofisa ugani wa kata, kwa fedha zilizokuwa za vipeperushi. Vipeperushi 1,000 havikuonekana katika kaya hata moja kati ya 53, na kulisema hilo ndiko kunakompa mfadhili sababu ya kukubali fedha zihamishwe.

Zile kaya 12 zilizofungua mapema zilihitaji uangalifu zaidi, kwa sababu hapo ripoti ya kwanza ilikuwa imewalaumu wakulima bila haki. Walipoulizwa kwa nini, kaya nane zilijibu madeni ya kilimo au matibabu. Mtu aliyekopa mbegu Desemba kwa ahadi ya kulipa baada ya mavuno hawezi kusubiri bei ya Januari, hata akijua bei hiyo ni nono. Alichokosa si elimu, ni fedha ya Septemba. Aya mpya ikasema:

"Tulidhani mkulima mwenye chombo salama ataacha kuuza mapema. Hilo limekuwa kweli kwa wengi, si kwa wenye madeni ya msimu: kaya 8 kati ya 12 zilizofungua kabla ya Desemba zilifanya hivyo kulipa deni la kilimo au matibabu. Msimu ujao tutafanya kazi na wakulima walio ndani ya vikundi vya hisa vinavyokopesha, na tutawashauri kutenga mfuko mmoja wa kuuza na mmoja wa chakula tangu siku ya kujaza. Kwa sababu hiyo tutawafikia wakulima 180 badala ya 240."

Sentensi ya mwisho ndiyo iliyoleta ubishi ofisini, kama inavyoleta karibu kila mahali. Kupunguza idadi kunaonekana kama kushindwa. Lakini ofisa miradi akisoma fundisho lisilobadilisha chochote katika mpango wa mwaka unaofuata, atajua limeandikwa kujaza kisanduku. Akiona fundisho linaligharimu shirika namba nzuri, atalisadiki.

Pana hatari ya upande wa pili pia: kukiri kila kitu mpaka ripoti ikawa ungamo. Gari liliharibika, mkutano mmoja ukaahirishwa kwa sababu ya msiba, karani akachelewa kuleta stakabadhi. Mambo hayo yanaelezwa kwenye jedwali kwa maneno matatu. Yasiyobadilisha uamuzi wowote hayastahili aya.

Orodha inakwenda wapi

Haitupwi. Mhasibu na mkaguzi wanaihitaji, na mfadhili ana haki ya kuona kwamba alicholipia kilifanyika. Inahamia kwenye jedwali la ukurasa mmoja mwishoni: shughuli, kilichopangwa, kilichofanyika, sababu ya tofauti. Kila mstari wa jedwali uoane na mstari wa bajeti kwa jina lilelile, kwa sababu "warsha" kwenye fedha ikiwa "mafunzo" kwenye maelezo huzaa barua pepe za maswali kwa wiki mbili. Tukishaihamisha, ripoti ya kurasa 14 hubaki kurasa tano au sita, nayo huanza na ile aya ya kaya 33.

Wafadhili wengi wana fomu yao, na kisanduku cha kwanza mara nyingi huuliza shughuli zilizofanyika. Usiibadilishe fomu. Jaza kisanduku hicho, ila sentensi ya kwanza iwe ya matokeo: "Kutokana na shughuli zilizo kwenye kiambatisho, kaya 33 kati ya 53..." na kadhalika. Nafasi ikiwa ndogo, shughuli zifupishwe, si matokeo.

Hadithi ya mtu mmoja iwekwe baada ya namba, na ichaguliwe kwa kuzifuata. Kama waliofanikiwa ni wengi na waliofungua mapema si wachache, weka kaya moja ya kila upande, kwa idhini yao, na bila picha ya mtoto mwenye njaa. Kabla ya kutuma, ofisa arudi na aya hizo mbili vijijini akawasomee wahusika kwa sauti. Katika hatua hii makosa mengi hujitokeza: mwezi ulioandikwa siyo, deni lililokuwa la mbegu limeandikwa la mbolea, au mtu amebadili nia na hataki tena deni lake lisomwe na wageni. Akikataa, aya yake inatoka, namba inabaki.

Kilichobaki ni karatasi ya mahudhurio ya Aprili ijayo. Ina nafasi ya jina, kijiji, jinsi, namba ya simu na saini. Ongeza nafasi moja, yenye upana wa kuandika jina la mwezi, na juu yake swali: mahindi yako ya msimu uliopita yaliisha mwezi gani? Anayesainisha aulize na aandike mwenyewe, kabla mkulima hajakabidhiwa mfuko.